Simamisha Kalamu Kando ya Mfuko: Kukisia Joto la Mfuko wa Kulalia kwa Kutazama Picha

(Maneno niliyoyasema Kirumba, Mwanza, mbele ya wauza mitumba na vijana wanaojiandaa kupanda Kilimanjaro. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee shikamooni, na ninyi vijana mliokaa huku nyuma karibu na feni, nawaona.

Nimeombwa niseme jinsi ninavyojua mfuko wa kulalia una joto kiasi gani nikiwa nimetumiwa picha tu kwenye simu. Wengi hapa mnauita slipingi begi, nami nikichoka nitauita hivyo hivyo. Kazi hii sikuisomea. Nilikaa miaka tisa nikitunza stoo ya vifaa vya kampuni moja ya kupandisha wageni kule Moshi, na tangu nirudi nyumbani Mwanza nakodisha mahema na mifuko ya kulalia. Kila wiki kuna mtu amesimama Mlango Mmoja mbele ya meza ya mitumba, ananirushia picha: "Mzee, huu unafaa mlimani?" Na ananitaka nijibu kabla mwingine hajauchukua.

Nianze na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha. Kuna mwaka nilitumiwa picha ya mfuko mwekundu, umetandazwa juu ya turubai, umejaa vizuri, una kofia ya kichwani, umechongoka miguuni kama mbegu ya boga. Nikauangalia nikaona unene wake ukilinganisha na urefu wake. Nikasema chukua, huo ni wa baridi kweli. Kijana akalipa. Alipofika nyumbani na kujaribu kuuingia, zipu ikaishia kifuani. Ulikuwa mfuko wa mtoto. Mfuko wa mtoto ukiupiga picha peke yake juu ya turubai, unafanana na wa mtu mzima kila kitu, na unene wake unaonekana mkubwa kwa sababu mwenyewe ni mfupi. Ningetazama kishikio cha zipu ningegundua, maana zipu haipungui kwa sababu mtoto ni mdogo. Kwenye picha ile kishikio kilionekana kikubwa kupita kiasi kando ya ile kofia, lakini jicho langu lilikwenda kwenye rangi.

Tangu siku hiyo, picha isiyo na kitu cha kupimia siijibu. Namwambia mtu: tafuta kalamu ya kawaida ya kuandikia. Ikiwa na kifuniko chake ni kama sentimita 15. Isimamishe wima kando ya mfuko, usawa wa kifua, kisha wewe chuchumaa, simu iwe chini kabisa karibu na sakafu, upige kutoka ubavuni. Ukipiga kutoka juu umesimama, utanionyesha rangi na urefu, na mimi rangi hainisaidii. Ninachokitafuta ni kimo cha mfuko ulivyoinuka kutoka sakafuni.

Kimo hicho ndicho joto lenyewe. Mfuko wa kulalia hauna moto ndani yake. Kinachokupa joto ni hewa iliyotulia katikati ya manyoya au nyuzi, na hewa hiyo inakaa mahali penye nafasi. Mnajua maandazi: unga ule ule, ukiumuka vizuri unapata andazi nene lenye hewa, usipoumuka unapata kitu cha kuvunjia jino. Mfuko nao lazima uumuke. Uzito wa mfuko unaweza kukudanganya, na kitambaa pia, lakini mfuko ambao haujaumuka hauna hewa, na usio na hewa hauna joto.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo watu wa mitumba mnalijua kuliko mimi. Mfuko unaotoka kwenye robota umebanwa miezi mingi. Ukiupiga picha dakika ile ulipokata kamba, utaonekana kama chapati. Kama umejazwa manyoya laini ya bata au bukini, unaweza kuurudishia uhai: ukung'ute, uutandaze kivulini mchana kutwa, ukifika saa kumi jioni utaona mwenyewe umenyanyuka. Kama umejazwa nyuzi za poliesta, utanyanyuka kidogo tu, kwa sababu nyuzi hizo zikikaa zimekunjwa muda mrefu nyingi hazirudi tena. Kwa hiyo nataka picha mbili za ubavuni: moja ya sasa hivi, nyingine baada ya kukung'utwa na kupumzika saa kadhaa. Tofauti ya picha hizo mbili inaniambia kilichomo ndani hata kabla sijaona lebo.

Nina mfano, na ndio nataka tukae nao. Ni wa kijana mmoja wa hapa hapa mjini, nina ruhusa yake lakini jina nitamwachia mwenyewe. Alikuwa anakwenda kupanda kwa njia ya Machame. Akakuta mfuko wa rangi ya kijivu na buluu. Muuzaji akamwambia bei elfu thelathini na tano, na kwamba mfuko ni wa "digrii ishirini", wa hali ya hewa ya hapa kwetu, mlimani hautamfaa. Akaniletea picha kwa unyonge, akitaka tu nimthibitishie kwamba auache.

Kweli, kwenye kona ya mfuko ilikuwa imetariziwa namba 20. Lakini ishirini ya nani? Wamarekani wanapima baridi kwa Farenhaiti. Digrii 20 za Farenhaiti ni karibu digrii 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mfuko wenye 0 ya Kimarekani ulitengenezwa kwa ajili ya digrii kama 18 chini ya sifuri, barafu tupu. Muuzaji alikuwa anauza kwa bei ya shuka kitu cha theluji, bila kujua. (Ndugu yangu, najua umo humu ukumbini. Usinichukie.)

Nilijuaje kwamba ni wa Kimarekani? Nilimwomba anipigie picha lebo ndogo iliyoshonwa ndani, chini ya kofia au kando ya miguu. Lebo hiyo watu wanaipuuza kwa sababu imefifia na ina maandishi ya kufulia. Mimi naitafuta kwanza. Ilikuwa na herufi RN zikifuatiwa na namba. Hiyo ni namba ya usajili inayotolewa Marekani kwa kampuni zinazouza nguo na vitambaa, na unaweza kuiandika kwenye tovuti yao ya serikali ukaona ni ya nani. Haikuambii mfuko ni wa aina gani, inakuambia mwenye mali ni nani, na ukishamjua mwenye mali, kutafuta picha za mifuko yake ya zamani ni kazi ndogo. Ukiona herufi CA na namba, hiyo ni ya Kanada, na inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Lebo ile ile ilisema pia kilichojazwa, kwa asilimia: manyoya laini kwa sehemu kubwa, na manyoya ya kawaida kidogo.

Mifuko inayotoka Ulaya ina lebo tofauti, na hapo wengi mnaumia. Tangu mwaka 2002 Ulaya wana kipimo chao, kiliitwa EN 13537, na siku hizi kinaitwa ISO 23537. Wanalaza sanamu yenye vipimajoto ndani ya mfuko, wanaivalisha nguo nyepesi za ndani, wanaiweka juu ya mkeka, kisha wanahesabu. Lebo inatoka na namba tatu. Ya kwanza ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida analala nayo kwa raha. Ya pili ni baridi ambayo mwanamume wa kawaida, amejikunja, analala kwa muda wa saa nane bila kuamka. Ya tatu ni baridi ambayo utabaki hai kwa muda wa saa sita, lakini mwili utapoa kwa hatari. Sasa kwenye mifuko ya bei rahisi, namba inayoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ni hiyo ya tatu. Unaona "-11" kubwa unafurahi, kumbe ukigeuza lebo unakuta mfululizo kama 7, 3, -11. Huo ni mfuko wa digrii 7 juu ya sifuri. Kwa hiyo lebo ikiwa na namba moja, uliza ni ipi. Ikiwa na tatu, soma ile iliyo kubwa kwa thamani, ya joto zaidi, uanzie hapo.

Mfuko wa kijana wetu ulikuwa na namba moja tu, na ulikuwa na dalili za umri: kitambaa kimelainika kiwiko hadi kiwiko, na gundi ya nembo imegeuka njano. Namba ya mfuko wa namna hiyo niliichukua kama ahadi ya mtengenezaji siku ulipotoka kiwandani. Nikarudi kwenye kalamu.

Picha ya kwanza, mara tu ulipotoka kwenye lundo: mfuko ulifika chini ya nusu ya kalamu. Nikaweka sentimita 7. Nikamwambia amwombe muuzaji autundike, aukung'ute, arudi jioni. Picha ya pili: mgongo wa mfuko ulikuwa karibu ufike ncha ya kalamu, umebakiza upana wa vidole viwili vyembamba. Nikaweka sentimita 12. Umenyanyuka karibu mara mbili, basi manyoya yake bado yako hai, na lebo haijasema uongo.

Hapa ndipo pa kuwa mwangalifu na hesabu. Sentimita 12 ni za mfuko mzima, juu na chini. Upande wa chini ukiulalia unaubana wote, hewa inatoka, na joto lake linakwisha. Chini kinachokulinda ni mkeka. Kwa hiyo gawanya kwa mbili: una sentimita 6 juu yako. Kwa kanuni ya stoo tuliyokuwa tukitumia, sentimita 4 juu yako ni usiku wa digrii kama 5. Sentimita 5 zinakupeleka kwenye sifuri. Sentimita 6 zinakushusha digrii 4 au 5 chini ya sifuri, na hapo nazungumzia ile namba ya mwanamume aliyejikunja. Mtu anayehisi baridi upesi aongeze digrii 5 au 6. Ni makadirio, na yanaweza kukosea digrii 5 upande wowote, lakini yalitosha kunionyesha kwamba mfuko uliozaliwa wa digrii 7 chini ya sifuri umepoteza kidogo tu kwa uzee.

Unene peke yake haukunitosha. Nilimwomba picha moja zaidi: yeye na muuzaji waushike kila mmoja upande wake, waunyanyue mbele ya jua, mtu mwingine apige picha jua likiwa nyuma ya mfuko. Kitambaa chembamba kinapitisha mwanga, na ndani unaona kila kitu. Kwenye mifuko ya bei nafuu, mshono umepita moja kwa moja kutoka kitambaa cha nje hadi cha ndani, na pale kwenye mshono hakuna manyoya kabisa. Mwanga unapita kwa mistari myeupe mikali, na kila mstari ni mlango wa baridi. Kwenye mifuko mizuri, kati ya vitambaa viwili kuna kuta ndogo za wavu, kila chumba kina kina chake, na mwanga pale kwenye mshono unafifia tu. Ukitazama kutoka ubavuni pia utaiona tofauti: ule wa kwanza unaonekana kama soseji zilizopangwa, wa pili kama godoro lenye vibonyeo.

Wa kijana wetu ulikuwa na kuta. Lakini mwanga ulionyesha pia sehemu mbili tupu, moja kifuani, moja karibu na goti, kubwa kama sahani ya chai. Manyoya yalikuwa yamesogea pembeni. Hilo si la kuacha mfuko. Unaupigapiga kwa kiganja kutoka ubavuni kuelekea katikati, manyoya yanarudi. Ningeona mabonge meusi madogo yaliyogandamana, ningemwambia auache, kwa sababu hayo ni manyoya yaliyolowa yakaoza, au yaliyofuliwa kwa sabuni kali.

Vitu viwili vya mwisho kwenye picha: nyuma ya zipu kulikuwa na mrija mnene wa kitambaa uliojazwa, unaofuata zipu kutoka juu hadi chini, na shingoni kulikuwa na kola nene yenye kamba. Mfuko usio na vitu hivyo hata uwe mnene namna gani, hewa ya moto inatoka kila ukijigeuza. Ukiona zipu tupu, chuma kwa ngozi, punguza matarajio yako.

Basi swali la pili: huko anakokwenda kuna baridi gani? Hapa sisi tuko mita kama 1,140 juu ya bahari, na usiku wetu unazunguka digrii 17. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, toa digrii sita na nusu. Kambi ya Barafu, anakolala mtu kabla ya kwenda kileleni, iko kama mita 4,670. Ukitoa 1,140 unabaki na 3,530. Mara sita na nusu, inakuja digrii 23. Kumi na saba toa ishirini na tatu: digrii 6 chini ya sifuri. Na usiku usio na wingu unashuka zaidi ya hapo. Sasa linganisha na mfuko wetu, digrii 4 au 5 chini ya sifuri, tena kwa kujikunja. Hautoshi. Unapungukiwa kidogo.

Nilimwambia aununue. Najua mnashangaa. Sababu ya kwanza ni kwamba Barafu hulali usiku kucha. Unalala jioni, unaamshwa kabla ya saa sita usiku, unaanza kupanda, na baridi kali kabisa ya alfajiri inakukuta ukitembea. Kambi nyingine za njia ile ziko chini, nyingi ni kama mita 4,000 na kushuka, na kwa huko mfuko unajitosheleza au unakaribia sana. Sababu ya pili, upungufu wa digrii chache unazibika: shuka la ndani la kitambaa kizito, soksi kavu, chupa ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa. Ila nilimkatalia jambo moja. Alitaka kwenda na mkeka mwembamba wa mazoezi. Nikamwambia huo utakula kila kitu tulichokihesabu, akakodi mkeka mnene kwangu.

Kwa huku ziwani, mfuko ule ni balaa. Ukienda kulala Saanane au Ukerewe, usiku wa digrii 17 au 18, ndani ya sentimita 6 za manyoya utaoga jasho. Ufungue zipu yote uutumie kama blanketi. Na manyoya yanachukia unyevunyevu wa ziwa: yakilowa yanagandamana na mfuko unabaki vitambaa viwili. Kwa mtu wa kambi za ufukweni naona mfuko mwembamba wa poliesta una akili zaidi, hata kama ni mzito na si wa kujivunia.

Hema nitalisemea kwa kifupi, maana saa inakwenda. Kwenye picha ya hema tazama kitambaa cha nje kinashuka hadi wapi. Kikiishia juu kama kofia ya kitoto na chini kukabaki wavu, hilo ni hema la kiangazi. Mvua zetu za masika zinakuja na upepo kutoka ziwani, tena mara nyingi alfajiri, na zinapiga kwa ubavu. Unataka kitambaa cha nje kinachokaribia ardhi pande zote, na vitanzi vya kufungia kamba vilivyoshonwa katikati ya ukuta, si kwenye pembe tu. Mengine tutayaongea siku nyingine.

Kijana alirudi. Nilimuuliza Barafu ilikuwaje. Akasema kiwiliwili kilikuwa salama, ila miguu iliganda. Nikafungua tena zile picha zake. Moja ilikuwa imepigwa kwenye sakafu ya vigae vya sentimita 40, nikahesabu vigae: vitano na nusu. Mfuko ulikuwa na urefu wa sentimita 220, wa mtu mrefu, na yeye ni mfupi kuliko mimi. Chini ya nyayo zake kulikuwa na shimo la hewa ambalo mwili wake ulilipasha joto usiku kucha bila mafanikio. Vigae vilikuwepo kwenye picha tangu siku ya kwanza na sikuvihesabu. Dawa yake ilikuwa ni kusokomeza nguo za kesho yake kule chini, miguu isipate pa kutangatanga.

Haya, mama pale mlangoni umenyoosha simu muda mrefu. Lete hiyo picha tuitazame. Kalamu iko wapi?